Kasiani na Waliokuwa Wakiondoka Lukande

Katika shamba la mkonge la Lukande, nje kidogo ya Kilosa, kuna mwaka ambao mama wa kila mtu aliugua. Kijana akija ofisini kuaga, ukimuuliza kisa, mama mgonjwa. Wa pili naye mama mgonjwa. Karani wa utumishi, Kasiani Nikolaus, alikuwa akisikiliza habari za kina mama hao kwa uso wa huzuni, na wakati mwingine akijiuliza kama si afadhali serikali ipeleke daktari huko wanakotoka kuliko kumwacha yeye afe na maswali.

Mashamba yalikuwa yameshataifishwa. Meneja mpya, Ndugu Mathias, alikuwa kijana wa kutoka Morogoro mwenye suti ya Chou En-lai na haraka nyingi, na kila asubuhi aliikuta korona imesimama, mashine nzima ya kusaga mkonge inangoja majani, kwa kuwa wakataji hawatoshi. Wakiandikwa wapya wanafundishwa kukata, wanalia miiba, wanazoea, halafu wakishakuwa wakataji hasa wanaaga. Ilikuwa kama kujaza maji pakacha.

"Waulize kwa nini wanaondoka," Mathias alimwambia Kasiani. "Wewe ndiye utumishi."

Basi Kasiani akawa anawauliza. Na alivyouliza ndivyo ambavyo ungeuliza kama hutaki kujibiwa. Mtu aliitwa ofisini, akasimama mbele ya meza. Pembeni alikaa mnyapara, mara nyingi Beda, fimbo magotini. Stahili za huyo anayeaga bado ziko kwenye sanduku la chuma nyuma ya Kasiani. Katika hali hiyo aulizwe, "Ndugu, kuna lolote lililokuudhi hapa?" Nani angekuwa mwendawazimu? Mama mgonjwa.

Ila mimi sitamcheka sana Kasiani, kwa sababu ndani yake palikuwa na jambo ambalo halichekeshi. Alikuwa mtoto wa kambi. Baba yake aliletwa kutoka Songea enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka akazikwa kando ya mkonge, na Kasiani hakuwahi kuiona hiyo Songea. Kila aliyekuja kuaga alikuwa na mahali pa kwenda. Yeye alipiga mihuri ya safari za watu na jioni akarudi kwenye nyumba yenye vyumba viwili na kitanda kikubwa alichokinunua kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo.

Mtu huyo ni Sesilia, mke wake, binti wa Ulaya, si ile ya Wazungu bali kijiji cha Ulaya, kule njiani kwenda Mikumi. Alikwenda kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama wafanyavyo wasichana wa kwao, na mtoto akazaliwa salama, wa kike. Kasiani alifurahi mno. Kwa kuwa ofisini kulikuwa na kazi nyingi, alimwomba dereva wa lori la shamba apitie Ulaya amchukue mama na mtoto. Aliona amefanya jambo la heshima. Wake za wenzake walitembea, wake atapanda gari. Lori likarudi tupu. Dereva alileta salamu tu, na kwamba Sesilia amesema sawa, amesikia. Kasiani akaona amekataliwa. Kwa watu wa baba yake mke akishaolewa hurudi kwa mumewe, hakuna cha kumbembeleza. Akanuna, akasubiri, na kununa kukageuka kuwa mazoea. Kila mwaka alituma fedha za mtoto kwa mtu anayekwenda sokoni Ulaya. Yeye mwenyewe hakwenda. Na usifikiri hakumtamani. Kulikuwa na asubuhi alizoamka akanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, akaukunja tena kabla hajafungua macho.

Mambo yalianza kubadilika kwa bahati tu. Mkataji mmoja hodari, Yeremia, alipewa stahili zake na tiketi, mama mgonjwa kama kawaida, na siku hiyo hiyo Kasiani alikuwa na mzigo wa shamba wa kuchukua stesheni ya Kilosa. Wakaongozana. Yeremia alikuwa na sanduku la bati kichwani na bunda la nguo mkononi. Kasiani, kwa adabu ya kawaida ya kumsindikiza mtu, akapokea lile bunda.

Walikwenda kimya mpaka mistari ya mkonge ikaisha. Ndipo Yeremia akasema, bila kuulizwa, "Bwana karani, mama yangu hajambo kabisa. Alikufa zamani."

Kasiani akacheka mpaka bunda likamponyoka. Yeremia naye akacheka. Baada ya hapo akasimulia. Mke wake alikuwa amejifungua kwao. Yeye alikwenda kumfuata kama inavyopasa. Akakaa ukweni akilima shamba la mama mkwe, akingoja mtoto atolewe nje, akingoja wajomba waseme sasa mchukue. Mambo hayo hayaharakishwi. Aliporudi Lukande na mke na mtoto mgongoni, alikuta jina limekatwa kwa utoro, chumba kimepewa mtu mwingine, na yeye anaambiwa aanze upya kwenye kupalilia kama kibarua wa jana.

"Nikalala na mke na kichanga kwenye varanda ya mtu," Yeremia alisema. "Nikavumilia msimu mmoja. Lakini kila nikimwangalia mke wangu naona haya."

"Kwa nini hukusema ofisini?"

"Mbele ya Bwana Beda? Habari za uzazi wa mke wangu?" Yeremia alimtazama kama anamtazama mtoto. "Na fedha zangu unazo wewe?"

Walipofika stesheni, Kasiani akauliza jambo ambalo halikuwa la kazi. "Na kama ungetuma gari limchukue, si ungewahi kurudi?"

"Mke aliyejifungulia kwao hatumiwi gari, bwana. Mke hufuatwa. Ukituma gari umewaambia wazazi wake kwamba binti yao ni gunia, na yeye mwenyewe umemwambia huna miguu kwa ajili yake. Atangoja mpaka uje. Usipokuja, basi hukumtaka."

Treni ya bara iliingia, Yeremia akapanda, akapunga mkono dirishani. Kasiani akabaki amesimama na mzigo wa shamba miguuni pake mpaka mchukuzi akamuuliza kama anaumwa.

Sasa, mtu mwingine angepanda lori la Ulaya kesho yake. Kasiani hakufanya hivyo. Aliogopa. Miaka ilikuwa imepita, na aibu ikikaa muda mrefu huota mizizi. Alifanya kile anachokiweza mtu wa ofisi, yaani aliingia kazini kwa nguvu zote.

Kwanza alibadili namna ya kuuliza. Mtu akitaka kuondoka, alipewa kwanza kila kilicho chake: stahili, barua yake ya kazi, tiketi. Hakuna kilichobaki mkononi mwa shamba cha kumtisha. Kisha Kasiani alimsindikiza stesheni, wawili tu, akibeba mzigo mmoja. Huko njiani alimwambia waziwazi: "Shamba linataka kujua linakosea wapi. Ukipenda nitakuuliza machache. Usipopenda tutaongea habari za mvua. Jina lako halitafika kwa mtu." Wengine walichagua mvua, na aliwaachia mvua yao. Kwa wale waliokubali alikuwa na maswali ya mtu wa kawaida. Ulianza lini kufikiria kuondoka? Kulitokea nini siku hizo? Ni kipi hapa ulichokipenda? Ni kipi kingekufanya ubaki? Ungemshauri ndugu yako aje hapa?

Lile swali la lini ndilo lililozaa. Mtu ukimuuliza kwa nini, anakupa sababu ya kukuridhisha. Ukimuuliza lini, anakumbuka siku yenyewe.

Alikosea pia. Kijana mmoja, Danieli, alianza kusema kwamba maji ya kambini ni machafu, na Kasiani akaingiwa na ari ya shamba, akaanza kueleza kwamba bomba limeshaagizwa, na kwamba kambi nyingine hali ni mbaya zaidi. Danieli akaitikia, "Ndiyo, bwana karani, kweli kabisa," na kutoka hapo mpaka stesheni hakusema tena neno la maana. Kasiani akarudi peke yake amejikasirikia. Tangu siku hiyo alijiwekea sharti: muulizaji habishani. Hajitetei, habembelezi mtu abaki, hamsuti. Anasikiliza, na mwisho anashukuru.

Na wala hakukimbilia kulivalia njuga kila neno aliloambiwa. Hapo ndipo alipogongana na meneja. Mmoja wa walioondoka alisema Beda ana mdomo mchafu. Kasiani alipotaja kwamba yako malalamiko ya lugha, bila kusema nani kasema, Mathias akasimama. "Ni Beda! Nilijua. Leo hii namfukuza. Nani kakwambia?"

"Sisemi nani, ndugu meneja. Nikisema mmoja, hakuna wa pili atakayefungua mdomo."

"Mimi ndiye mkuu wako."

"Ndiyo. Na wao ndio waliokwenda zao." Kasiani alishangaa mwenyewe kwa utulivu wake. "Mmoja ni malalamiko. Tungoje tuone kama wengi wanasema neno moja. Ukimfukuza Beda, na wakataji wakiendelea kuondoka, utamfukuza nani tena?"

Mathias alikaa chini. Alikuwa na haraka lakini si mpumbavu.

Wakangoja. Kasiani akirudi kutoka stesheni alikaa na kuyapanga aliyosikia, si kwa majina bali kwa aina: ametoka kundi gani la kazi, amekaa muda gani, ana familia au hana, lilianza lini wazo la kuondoka. Kama Beda angekuwa ndiye sumu, kundi lake lingekuwa limekwisha. Lakini watu walitoka makundi yote sawasawa, ya wanyapara wapole na ya wakali. Maji yalilalamikiwa na wengi, kweli, lakini wazee waliobaki nao waliyalalamikia maji hayo hayo na hawakwenda popote. Hilo alilijua kwa sababu aliwauliza na waliobaki. Mabachela walibaki. Wenye wake wa chumba cha brashi, kunakosafishwa nyuzi, ambao walijifungulia palepale kambini, walibaki. Walioondoka, tena wale hodari, walikuwa vijana wa kukata, wameshazoea kazi, na mke amezaa mtoto wa kwanza kwao. Ukiwauliza lini, wote walikurudisha siku ile ile, ya kurudi kutoka ukweni na kukuta kufuli la mtu mwingine mlangoni.

Ile sheria ya utoro ilikuwa ya enzi za Wazungu, ya kuwakomesha manamba. Uhuru ulikuja, shamba likawa la umma, na sheria ikabaki pale pale imekaa, hakuna aliyeiuliza imekuja kufanya nini. Kasiani alikuwa ameitia saini mara nyingi kwa mkono wake.

Mbele ya Mathias na kamati ya wafanyakazi alieleza jambo moja tu. Mume anayekwenda kumfuata mke aliyejifungua aage rasmi, apewe ruhusa yenye kutosha mila za ukweni, chumba chake kisiguswe, na akirudi ashike panga lake la kukatia kama alivyoliacha. Mjumbe mmoja akauliza kama shamba sasa limekuwa la wakwe. Watu wakacheka. Paulina wa chumba cha brashi, mwanamke pekee kwenye kamati, ndiye aliyejibu: "Mkataji aliyekaa ukweni atarudi. Mliyemnyang'anya chumba harudi. Chagueni." Kamati ikachagua.

Lukande haikugeuka pepo. Bei ya mkonge iliendelea kuanguka, wapo waliokwenda kwenye vijiji vya ujamaa kwa hiari na wasiokuwa na hiari sana, na wapo ambao kweli mama zao waliugua. Wale hawazuiliki kwa chumba. Lakini misimu miwili baadaye, vijana wenye watoto walikuwa wanarudi. Unawaona asubuhi wanateremka njia ya Kilosa, mke mbele, kichanga mgongoni, kuku wa mama mkwe ananing'inia kwenye baiskeli. Korona ilikuwa inanguruma. Beda, ambaye hakujua jinsi alivyoponea, aliongozana nao akiwatania kwamba wamenenepa ukweni.

Kasiani aliwatazama kutoka dirishani. Kila mmoja aliyepita na mke wake alimchoma. Nasema wazi, aliwaonea wivu. Alikuwa ameifungulia njia hiyo kila mtu isipokuwa yeye.

Mwishowe aliomba ruhusa, akapanda lori la Mikumi, akateremka Ulaya siku ya soko.

Nyumbani kwa wakwe alimkuta mama mkwe, Bibi Marselina, anachambua mchicha. Alipiga magoti mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe, akaamkia. Bibi akaitikia marahaba bila kuinua uso, akaita ndani, "Sesilia. Una mgeni."

Msichana mdogo ndiye aliyetoka kwanza. Alikuwa na paji la uso la baba yake Kasiani, lile la Songea, limekaa hapo Ulaya kana kwamba lina haki zote. Akampa mkono kwa adabu ya kufundishwa. "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Kasiani.

Sesilia alileta kigoda, akaleta maji, akakaa. Alikuwa amenawiri. Kasiani alikuwa amejiandaa njia nzima na maelezo: kazi, lori, mila za Wangoni, fedha alizotuma. Alipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Nimekuja kuuliza," alisema. "Sikuja kujitetea. Ilikuwa lini ulipoona hurudi tena?"

Sesilia alimwangalia mtoto anayekimbiza kuku.

"Mimi sikuondoka, Kasiani," alisema. "Nilikuja kujifungua. Nilifunga mizigo yangu mara tatu. Mara ya kwanza lilipokuja lori, nikajua unakuja nyuma yake, nikalirudisha. Mara ya pili wakati wa mavuno. Mara ya tatu mtoto alipoanza kutembea, nikasema utataka kumwona. Ile ya tatu nilipofungua mizigo ndiyo siku yenyewe. Wewe ndiye uliyeondoka, na hukuaga."

Kasiani alikuwa na majibu. Yote alikuwa nayo, yamejipanga. Akayameza moja moja, na yalikuwa machungu kweli.

"Ni kipi kingekufanya urudi?" aliuliza mwisho.

"Hakuna sasa." Hakusema kwa ubaya. "Nimepewa shamba hapa kijijini, kwa jina langu. Wanawake wa ushirika wamenichagua. Mtoto ana wajomba. Lukande nilikuwa mke wa karani kwenye nyumba ya shamba. Ungekufa kesho ningetolewa na vyombo vyangu. Siwezi tena kuishi mahali pa mtu."

"Asante," alisema Kasiani, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kusema, na kwa kuwa ilikuwa kweli.

Alikaa siku zote za ruhusa yake. Alilima shamba la mama mkwe, vibaya, na mikono ya ofisi ikachubuka, na Bibi Marselina akawaambia majirani kwamba mkwe wake analima kama mtu anayepiga mihuri. Siku ya kuondoka mtoto alimuuliza kama atakuja tena soko lijalo. Hakumwita baba. Sesilia, akifunga mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa, alisema bila kugeuka, "Mahali papo, kwa mtu wa kuja na miguu yake."

Lukande ilihuzunika alipotangaza kwamba anaacha kazi. Mathias hakuamini. Alijaribu kumpandisha cheo, akakumbushwa kwamba hilo halikuwa tatizo. Basi akatoa amri kwanza Kasiani alipwe kila kitu, na asubuhi ya safari meneja mwenyewe, na suti yake, akalibeba begi la karani kwenye njia ya Kilosa huku wakataji wakisimama kwenye mistari kutazama ajabu hiyo.

Walipoipita mikonge ya mwisho, Mathias akakohoa. "Ndugu Kasiani. Shamba linataka kujua linakosea wapi. Kwa nini unaondoka?"

"Mke wangu amejifungua kwao. Ninamfuata."

Mathias akasimama. Katika miaka yote hakuwahi kusikia habari ya mke. "Hongera sana. Mtoto gani?"

"Wa kike," alisema Kasiani. "Mwaka huu ameanza darasa la kwanza."

Meneja akahamishia begi mkono wa pili, wakaendelea na safari.